Mwongozo wa Kuwatia Watu Hofu kwa Grafu ya Bei

Anayetaka kuwatia watu hofu hahitaji kughushi takwimu. Achukue bei kama zilivyoandikwa zamani, azipange mwaka baada ya mwaka, na mstari utapanda wenyewe. Petroli ya Marekani itamfaa sana. Mwaka 1981 galoni moja isiyo na risasi iliuzwa kwa wastani wa dola 1.38, mwaka 2022 ikafika karibu dola 3.95. Kichwa cha habari ni hicho: bei imepanda karibu mara tatu!

Sharti moja tu: msomaji asiione fahirisi ya bei za mlaji. Wewe unayetaka kusema kweli, anza na hiyo. Kwa Marekani ilikuwa 90.9 mwaka 1981 na 292.7 mwaka 2022. Zidisha bei ya zamani kwa fahirisi mpya, kisha gawanya kwa ya zamani:

```
1.38 × 292.7 / 90.9 = 4.44
```

Kwa dola za 2022, basi, petroli ya 1981 ilikuwa ghali kuliko ya 2022. Fanya hivyo kwa kila mwaka. Utakuta kwamba dola 1.06 ya mwaka 1998 ni sawa na dola 1.90 tu, na ule mlima mmoja unageuka kuwa vilele na mabonde. Hadithi yenyewe imebadilika, na ndiyo maana nakasirika nikiona grafu ya miaka 40 iliyochorwa kwa bei ghafi.

Mpotoshaji mwenye bidii zaidi ana njia nyingine: ajumlishe asilimia za mfumuko wa bei. Asilimia 10 kwa miaka mitatu ataiita 30, ilhali kila mwaka hupanda juu ya uliotangulia na jumla ni 33.1. Kwa miaka 40 pengo hilo huwa kubwa mno. Tumia fahirisi yenyewe, si asilimia.

Au abandike fahirisi mbili zenye vizio tofauti. Kenya ilikuwa na kizio cha Februari 2009, kisha ikahamia Februari 2019, na kila kimoja huanza na 100. Zikiungwa hivi hivi, fahirisi inaporomoka ghafla pale kwenye kiungo, kana kwamba vitu vyote vilishuka bei mwezi mmoja. Dawa ni kutafuta mwezi uliomo katika orodha zote mbili, kugawanya fahirisi ya zamani kwa mpya, na kuzidisha orodha mpya yote kwa jibu hilo.

Kabla ya kuchapisha, tazama mambo mawili. Bei ya mwaka uliouchagua kuwa kipimo lazima ibaki vilevile. Bei za zamani, pale mfumuko ulipokuwapo, lazima zipande. Zikishuka, umegawanya kinyume. Kisha andika kwenye mhimili: “dola za 2022”.