Jinsi ya Kuibana Barua ya Kazi Ndani ya Kisanduku

Kwanza vaa vizuri. Ndiyo, hata kama ni fomu ya mtandaoni, na unaijazia saiba pale Katito huku makanga wa Kendu Bay wakikupigia kelele mlangoni. Barua ya kazi ni heshima.

Fungua ile barua yako ya siku zote, iliyopigiwa mstari chini ya kichwa. Inakili yote, uibandike ndani ya kisanduku kilichoandikwa: herufi 500. Usihangaike kusoma kilichoingia. Mstari wa chini umepotea, herufi nene zimepotea, na mkia umekatwa kimyakimya, maana visanduku vingi havigombi. Vinameza vinachoweza na kutupa kilichobaki. Mimi nilituma hivyo. Kijana wa saiba ndiye aliyesoma mstari wangu wa mwisho kwa sauti: “Nina uzoefu wa miaka mitatu katika stoo ya mch.” Akaniangalia. “Omera, mchele, mchanga, ama mchungaji?”

Makosa ni ya mwajiri, bila shaka, lakini tuhesabu. “Mpendwa Bwana/Bibi,” ni herufi 19, maana nafasi na koma nazo zinalipa nauli. “KUH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA STOO” ni 37. “Ninayo furaha kubwa kuandika barua hii kuomba kazi iliyotajwa hapo juu.” ni 71. Jumla 127: robo ya kisanduku imekwisha na bado hujasema unajua nini. Kazi yenyewe wanaijua, waliitangaza wao.

Kama huna adabu, fanya nilivyofanya mara ya pili: “Nimekuwa karani wa stoo ya mchele Ahero miaka 3: napokea magunia, naandika kadi, nahesabu kila Ijumaa.” Herufi 102. Kisu kikipita mwishoni, kitakata shukrani, si magunia.

Andika kwanza nje ya fomu, kwa sababu stima ya jioni haina huruma, na ukurasa ukikaa sana unaweza kukutoa bila kwaheri. Ukitumia Word, fungua Word Count, uamini mstari wa Characters (with spaces). Ule wa no spaces ni wa kujifariji.

Sasa uchawi mmoja. Kaunta inasema umefika 499, unabonyeza Submit, fomu inang’aka kuwa umezidi. Usimlaani mtu. Kila ulipobonyeza Enter, kaunta ya kwenye skrini huenda ilihesabu herufi 1, lakini mstari mpya husafirishwa kama alama 2, na upande wa pili wako wanaozihesabu zote. Aya tano zilizoachiwa mstari mtupu kati yao zina Enter 8, yaani 8 za ziada. Ziunganishe ziwe aya moja, ujaribu tena.

“Wako mwaminifu” haikuingia. Nilimwambia kijana wa saiba badala yake, akanidai shilingi ishirini.