Jinsi ya Kupandishwa Cheo Mara Tatu na Bado Uonekane Mtoro

Kama umefanya kazi kwa mwajiri mmoja hapa Songea zaidi ya miaka kumi, ukaanza kwenye mizani ukaishia kwenye kiti cha meneja, na ungependa mwajiri mpya akuone ama kigeugeu ama mtu aliyedumaa, huna haja ya kuhangaika sana. Nenda steshenari iliyo jirani na nyumbani kwako, umpe kijana wa pale flashi yako, kisha umwambie akutengenezee wasifu unaopendeza.

Dada mmoja wa Lizaboni alifanya hivyo hivyo. Alikuwa kwenye kampuni moja inayonunua mahindi na soya. Aliingia Machi 2013 akiwa karani wa mizani. Julai 2015 akawa msimamizi msaidizi wa ghala, Januari 2019 akawa msimamizi wa ghala, na Juni 2022 akawa meneja wa maghala. Barua zote za kupandishwa cheo anazo kwenye bahasha ya kaki. Mwishoni mwa 2024 aliomba kazi kwingine mara kadhaa, akaambulia ukimya. Alipoleta karatasi zake kwangu niliona kijana wa steshenari alikuwa ameifanya kazi yake kwa moyo wote: jedwali la mistari ya bluu, picha kwenye pembe, safu mbili, na jina la kampuni limeandikwa mara moja tu juu, herufi kubwa, likifuatiwa na “2013 – hadi sasa”. Chini yake vyeo vinne, kila kimoja na miaka yake.

Kwa jicho la mtu, mpangilio huo si mbaya. Shida ni kwamba waajiri wengi sasa huupitisha wasifu kwanza kwenye programu. Programu hiyo huchopoa maandishi, hutafuta vichwa kama “Uzoefu wa Kazi”, kisha hujaribu kukata kila kazi vipande vitatu: mwajiri, cheo, tarehe. Ikifika kwenye cheo cha pili isione jina la mwajiri, hubuni. Inaweza kuchukua “Msimamizi wa Ghala” ikaliweka kwenye nafasi ya kampuni, na huyo dada akaonekana ameajiriwa na Bwana Msimamizi. Au ikatupa vyeo vitatu vya chini, kikabaki kimoja.

Kuhusu muda, chagua kosa unalolipenda. Kosa la kwanza ni kuacha ile “2013 – hadi sasa” juu, na miaka ya vyeo chini. Programu nzuri hutambua kwamba vipindi vimelaliana. Iliyo hafifu huvijumlisha. Mpaka Desemba 2024 dada yetu alikuwa na miaka 11 na miezi 10 kazini; ikihesabiwa mara mbili inakuwa miaka 23 na miezi 8. Kwa kuwa alizaliwa 1990, ina maana alianza kupima mahindi akiwa na miaka kama kumi na moja, na bila shaka alikuwa anaacha mizani kidogo aende kukariri jedwali la kuzidisha.

Kosa la pili ni kuandika cheo cha mwisho tu: “Meneja wa Maghala, 2013 – hadi sasa”. Hili lina utamu wake, kwa sababu linakupa umeneja wa miaka 11 na ushee. Ukweli ni miaka 2 na miezi 7. Mwajiri mpya akipiga simu moja kwa bosi wako wa zamani, utamu unaisha.

Kosa la tatu, na wengi wetu tunalifanya bila kujua, ni kuandika miaka bila miezi. “2015 – 2018”, kisha “2019 – 2022”. Kati ya 2018 na 2019 kuna nini? Kwake hakukuwa na hata siku moja. Aliondoka na cheo kimoja tarehe 31 Desemba akaamka na kingine tarehe mosi Januari. Lakini asiyeona miezi anaweza kusoma pengo la karibu mwaka mzima, na mchambuzi mwenye rundo la maombi mezani hatakuuliza ulikuwa wapi.

Sasa, kwa wale wachache wanaotaka kusomwa sawasawa, nilimfanyia hivi. Jedwali tulilifuta, safu tukabakisha moja. Jina la kampuni tukalirudia kwenye kila cheo, kwa tahajia ile ile, nukta kwa nukta. Ukiandika kwa kirefu mahali pamoja na kwa kifupi mahali pengine, programu huona kampuni mbili, na hapo ndipo mtu aliyetulia anapogeuka mtoro. Cha karibuni kikatangulia:

```
Meneja wa Maghala
Kampuni X Ltd, Songea
Juni 2022 – hadi sasa
Alipandishwa kutoka Msimamizi wa Ghala

Msimamizi wa Ghala
Kampuni X Ltd, Songea
Januari 2019 – Mei 2022
Alipandishwa kutoka Msimamizi Msaidizi
```

Mstari wa nne ni wa binadamu. Bila huo, anayepitisha macho haraka ataona kazi nne na kudhani umehama mara tatu. Wasifu ukiwa wa Kiingereza, andika `Present`, kwa kuwa programu nyingi zilizoundwa kwa lugha hiyo hazijui “hadi sasa” wala “Juni”. Kuna pia miezi minane ya 2018 aliyokaimu usimamizi; hiyo hatukuipa kipengele chake. Tuliiandika kama mstari mmoja ndani ya cheo cha msimamizi msaidizi. Kukaimu si kuthibitishwa, na ukiipa miezi hiyo tarehe zake, vipindi vinalaliana tena.

Mumewe naye, afisa kilimo wa halmashauri, akaleta ya kwake. Aliomba kazi shirika moja la kimataifa, akaulizwa kwa upole kwa nini alishushwa cheo. “Mzee, mimi nimepanda kutoka Daraja la Pili kwenda la Kwanza!” Ndivyo. Katika muundo wetu wa utumishi wa umma unaanza Daraja la II, unapanda la I, unakuwa Mwandamizi, kisha Mkuu. Kwenye kampuni nyingi za nje namba hupanda kadiri mtu anavyopanda, kwa hiyo II ni mkubwa kuliko I. Kwao alikuwa ameteremka ngazi, na mimi nikabaki kujiuliza ni wangapi wameteremshwa hivyo bila hata kuulizwa. Dawa ni kuandika “alipandishwa kutoka Daraja la II” wazi wazi. Na ukiwa Afisa Kilimo Mkuu, usikitafsiri cheo hicho kana kwamba wewe ni mkuu wa idara ya kilimo. Hicho ni kiti kingine, na kina mwenyewe.

Ukijaza fomu ya mtandaoni, kama ile ya Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, jaza kila cheo peke yake, na tarehe zifanane na za barua zako. LinkedIn yenyewe huvikusanya vyeo chini ya mwajiri mmoja, mradi kila mara umechagua ukurasa ule ule wa kampuni.

Kabla hujatuma, fungua PDF yako, chagua maandishi yote, yanakili na uyabandike kwenye Notepad. Kwa dada yule, toleo la steshenari lilitoka na tarehe nne zimerundikana chini na vyeo vinne juu, hakuna kinachojua mwenzake. Toleo jipya lilitoka kama lilivyoandikwa.

Kwa hiyo ukifika steshenari, kijana akikuuliza unapenda rangi gani, mwambie kwanza afute jedwali.