Samaki Hawapigi Simu: Namna ya Kutangaza Ufundi Bomba Mbinga

Umetundika kibao, umeweka bando, sasa unataka tangazo la Facebook limlete mteja wa koki inayovuja. Sehemu ya kwanza inayokula pesa ni ile ramani yenye duara. Unachomeka pini Mbinga mjini, unavuta duara mpaka kilomita 50, na moyo unafurahi kuona limefika ziwani. Limefika kweli, na kipande chake kimeingia majini. Samaki hawana sinki.

Hasara kubwa zaidi iko nchi kavu. Duara linapima kama ndege arukavyo, na wewe una pikipiki. Ukinyoosha rula kutoka Mbinga, Mbamba Bay na Liuli zote ziko kwenye kilomita 45 hivi, kwa hiyo kwenye ramani ni wateja sawasawa. Barabarani, Mbamba Bay ni kilomita 66 za kuteremka kona baada ya kona kutoka milima ya Umatengo. Liuli, ukipitia hukohuko, lazima uongeze safari ya kupanda kaskazini kando ya ziwa, na unavuka 90. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 180 kwa ajili ya washa ya koki. Mteja akikusikia unataja nauli, atakata simu, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo pima kwa gharama. Tuseme kazi ndogo unatoza shilingi 20,000 na hutaki mafuta yale zaidi ya 4,000. Nenda kituoni, weka mafuta ya 4,000, uone pikipiki inakufikisha wapi na kukurudisha. Hapo ndipo mpaka wako ulipo. Chomeka pini mjini kwa duara dogo. Kama una mwenzako Mbamba Bay mnayeaminiana, mchomekee pini yake peke yake, na simu za kule zipokewe na yeye. Mambo ya Liuli yataje wazi ndani ya tangazo: kazi kubwa tu, kwa miadi.

Sasa simu. Usiweke namba moja kila mahali, maana mwisho wa mwezi hutajua nani alikuletea nani. Chukua laini ya mtandao mwingine, isajili kwa alama ya kidole, itie kwenye nafasi ya pili ya simu yako. Namba ya kwanza iende kwenye tangazo la mtandaoni, ya pili kwenye bango la duka la vifaa vya ujenzi. Simu ikiita, kioo kinakuonyesha laini ipi imeita. Kabla hujashika spana, andika kwenye daftari: tarehe, saa, laini, mahali, shida. Aliyekubipu naye aandikwe, kisha mpigie. Huku mtu anabipu kwa sababu hana salio, na bafu lake linavuja vilevile.

Uliza swali moja mapema.

“Shikamoo mama. Kwa jirani maji yanatoka?”

“Marahaba fundi. Hata kwa jirani hamna, tangu jana.”

Huyo anahitaji mamlaka ya maji. Mwelekeze kwa upole, na uandike “si kazi yetu”.

Daftari hilo ndilo litakalokuokoa siku ya kugombana na mwenye duka, kama mmekubaliana umlipe kwa kila mteja ambaye bango lake limekuletea. Marekani, mfumo wa Google uitwao Local Services Ads humtoza fundi kwa kila mteja anayeunganishwa naye. Zamani fundi mwenyewe ndiye aliyepinga simu za ovyo. Tangu 2024 mfumo ndio unaoamua yupi arudishiwe pesa. Mbinga mwamuzi ni wewe na mwenye duka, basi kubalianeni kabla bango halijabandikwa. Mteja halali ni mwenye shida ya bomba, aliye ndani ya mpaka, na anahesabiwa mara moja kwa mwezi hata akipiga mara tano. Pingamizi litolewe ndani ya siku mbili, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Tuseme bei ni 2,000 kwa mteja. Mwenye duka anahesabu simu 14 na kudai 28,000. Mnafungua daftari: 2 ni za mtu yuleyule aliyerudia, 1 ni ya Liuli, 2 ni za mtaa uliokatikiwa maji. Zinabaki 9, yaani 18,000.

Katika hizo 9 yumo aliyesikia bei yako akasema atamwita shemeji yake. Huyo usimpinge. Duka lilimleta, bei ndiyo iliyomfukuza, na kumkata ni kumdhulumu mwenye duka. Mlipe 18,000 kamili, naye atie sahihi chini ya ukurasa.