Raha ya Kuhama

Kharumwa hakuna starehe inayoshinda kuhama nyumba ya kupanga, na mwenye akili huianza wiki sita kabla ili aifaidi polepole. Tuseme unahamia Geita mjini.

Wiki ya sita ni ya notisi. Iandike, iwe na tarehe, mwenye nyumba asaini nakala yako, na ipange imalizike pamoja na kodi uliyokwisha kulipa. Hapo utapata heshima ambayo paa linalovuja halijawahi kukuletea: mtu aliyekuwa hapokei simu atapokea mlio wa kwanza.

Ya tano ni ya uhamisho wa watoto, maana mwalimu mkuu wa huko anataka uhakika wa nafasi na wa hapa anataka barua. Ya nne na ya tatu ni za kufungasha, ukianza na vikombe vya kabatini vinavyomsubiri mgeni asiyekuja. Jiko na sufuria mbili zibaki hadi asubuhi ya kirikuu.

Utamu wenyewe uko wiki ya pili, kwenye LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Nyumba ikikaa tupu deni halilali. Linakaa kwenye mita likimsubiri mpangaji mpya kwa upendo. Basi omba namba ya mita ya nyumba unayoiendea, ununue umeme wa shilingi 10,000 kabla hujakabidhi pango, kisha usome ujumbe wa risiti. Kama ilikaa tupu miezi mitano, utaona 7,500 zimekwenda, na 2,500 zilizobaki ndizo zinakatwa makato mengine na kugeuzwa yuniti. Huo ujumbe ni barua ya mapenzi, utunze. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo muonyeshe mpunguziane kwenye pango. Ukisubiri mpaka umeshalipa miezi sita, atakusikiliza kwa adabu na hatakurudishia kitu.

Kwa nyumba unayoiacha, fanya kinyume: nunua kidogo kidogo. Tokeni ina tarakimu 20 na inaijua mita moja tu, kwa hiyo yuniti ulizoacha ni sadaka kwa usiyemjua. Maji nayo yasomwe mita mbele ya mwenye nyumba, upige picha.

Wiki ya mwisho fuata barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa kitongoji, maana wa mtaa mpya ataiulizia kabla hajakuandika kwenye daftari lake. Nenda Jumatatu. Ukienda Ijumaa utaambiwa yuko kwenye mpunga na muhuri kaondoka nao, na dereva wa kirikuu keshawasha gari.