Kyela Tatu za Mangi

Mangi wa mtaani kwetu alikuwa na magunia matatu ya mchele, na kila gunia limechomekwa kipande cha boksi: KYELA ORIJINO, KYELA SUPA, KYELA GREDI WANI. Kama Kyela ingetoa mchele wote unaouzwa Dar es Salaam kwa jina lake, wilaya nzima ingekuwa shamba na watu wangelala ziwani.

Wateja tulinunua mara moja moja, kisha tukavuka barabara kwenda kwa jirani yake. Aliyeamua kusema ni mama ntilie wa kwenye kona. Alikuja saa saba mchana na sufuria, akaitua juu ya kaunta, akafunua. Ndani kulikuwa na kitu ambacho ungeweza kuzibia ufa wa ukuta.

"Mangi, hii nimtilie nani?"

"Umezidisha maji, mama."

"Kikombe kwa viwili, kama siku zote!"

Kumbe ORIJINO ulikuwa mchele mpya, umekobolewa juzi tu. Mchele mpya bado una unyevu, hauhitaji maji mengi. Kikombe kwa kimoja na nusu unaiva, unanukia mpaka kwa jirani. Ukiupa viwili, unapata bokoboko. Mchele uliokaa ghalani umekauka, ndio unaokunywa viwili, ukavimba, ukachambuka punje kwa punje. Harufu yake imepungua, lakini sahani inajaa, na mama ntilie anauza sahani. Mangi alijua yote hayo. Punje ya zamani akiing'ata inalia ka! Ila vibao vyake havikuwa na nafasi ya habari hizo. Kyela ilikuwa imejaa.

Alilipa sufuria ile. Nadhani fedha ndiyo iliyomuuma, si dhamiri, maana kesho yake vibao vilikuwa vipya:

MPYA. UNANUKIA. PUNGUZA MAJI.

WA ZAMANI. HAUNUKII. UNAVIMBA.

CHENGA NA CHUYA. CHAMBUA MWENYEWE. BEI NDOGO.

Tulicheka sana. Gunia la tatu ndilo lililokwisha kwanza: wauza vitumbua walilitaka, maana chenga wataloweka na kusaga tu, punje nzima ya nini? Mama ntilie alihamia gunia la pili na hajavuka barabara tena. Mimi nafuata la kwanza kila Jumapili, na wakwe zangu wameanza kuja bila kualikwa, jambo ambalo Mangi hakulitangaza kwenye kibao.

Tatizo sasa hanyamazi. Juzi nilimtuma mwanangu mkate, akarudi mikono mitupu.

"Mangi amesema ni wa jana, tusubiri gari la saa kumi."

"Na maziwa je?"

"Amesema hayo tusimuulize."