Shemeji Mambo na Ndoo ya Changu

Ndugu msomaji, kama nawe una shemeji wa aina ya wangu, sogea tuzungumze. Mdogo wa mke wangu anavua Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma. Nyumbani tunamwita Shemeji Mambo. Anatuma "Mambo" kwenye simu, kisha anangoja.

Juzi alituma saa moja asubuhi. Simu ya mke wangu, Mama Zai, ilikuwa mikononi mwa mtoto wetu Zai, ambaye akiamka tu huiteka aangalie katuni. Zai akamjibu kwa picha ya simba. Mama Zai kuiona, saa nne. Akaandika "Poa, vipi?" Wakati huo shemeji yuko majini. Saa tisa ndipo akauliza: "Mzigo mmepata?"

Mzigo upi? Kumbe ndoo ya changu ilipakiwa kwenye haisi ya asubuhi, bila barafu, ikashushwa stendi, ikakaa juani. Nilipofungua kifuniko, macho ya samaki yalishakuwa meupe na mashavu yamegeuka kahawia. Mama Zai akakataa wasitupwe, maana ni samaki wa mdogo wake. Alikubali paka wa mtaa mzima walipojipanga mlangoni.

Jioni nikamweleza rafiki yangu Hamisi, mwenye duka Chikongola.

"Unamwonea," akasema. "Anapiga hodi. Nani anamwaga shida zake mlangoni kabla hajaitikiwa?"

"Mlangoni unasikia kama ndani kuna watu, Hamisi. Huku mimi nikichelewa, naye akachelewa, siku imekwisha."

"Si anaona tiki mbili?"

"Tiki mbili zinasema simu imepokea. Hazisemi imeshikwa na nani."

"Hapo hapo! Simu ya kwako inashikwa na nyumba nzima. Siku akitaka elfu ishirini ya nyavu, aandike Zai aisome kwa sauti mbele ya wageni? Anatuma 'Mambo' ajue nani yupo. Alipoona simba akajua ni mtoto, akaenda zake baharini."

Sikuwa na la kumjibu kwa upande wa pesa. Pesa ina aibu yake, na shemeji ni mtu mwenye haya.

"Lakini samaki si siri," nikasema.

"Hao hawana siri. Salamu na jambo viende pamoja."

Akachukua simu yangu, akamwandikia shemeji mfano: "Dada habari za asubuhi, samaki wako haisi ya saa mbili, ndoo ya kijani, nauli nimelipa." Chini yake akaongeza wa siku ya shida: "Dada, nina jambo langu, nipigie ukiwa peke yako."

Shemeji akajibu "Sawa", na mzigo uliofuata alituandikia mpaka jina la kondakta.

Amebaki mama mkwe, Bi Salama. Yeye haoni vizuri herufi, na neno "Salama" ndilo analoliweza. Likiingia, mke wangu hupiga simu palepale, hata kama wali uko jikoni unaungua.