Jinsi ya Kumlaza Msomaji kwa "Ali-" Hamsini

Ukitaka msomaji asinzie mapema, chukua riwaya ya Kifaransa uitafsiri, na kila kitenzi cha passé simple ukigeuze kuwa -li-. "Mzee alifungua mlango. Aliona barua sakafuni. Aliiokota. Aliketi. Aliisoma." Sarufi haina kosa. Ila umeandika maelezo ya shahidi kituoni, hukusimulia hadithi.

Mfaransa wa leo hatumii wakati huo wa passé simple sokoni wala nyumbani. Ameuweka kwa ajili ya maandishi. Ndani ya riwaya kazi yake kubwa ni kusukuma matukio mbele, tukio juu ya tukio, huku imparfait ikibeba mandhari na hali zilizokuwa zikiendelea. Nasi tunacho kiambishi cha kusukuma: -ka-. Anza na -li- moja ili wakati ujulikane, kisha uiachie -ka- njia:

"Mvua ilikuwa ikinyesha. Mzee alifungua mlango, akaona barua sakafuni, akaiokota, akaketi, akaisoma. Hakulia."

Angalia mwanzo na mwisho. Ukiandika "mvua ikanyesha", mvua inageuka tukio jipya, wakati Mfaransa aliiweka kwenye imparfait kwa sababu ilikuwepo tangu awali. Na "hakulia" imebaki hivyo kwa kuwa -ka- ya masimulizi haina ukanushi wake. Tunaazima ule wa -li-.

Ukishaizoea -ka-, jaribu la pili ni kuimwaga kila mahali. Usithubutu. Passé simple hufunga pia kipindi kirefu kwa pigo moja: mfalme alitawala miaka 20. Hapo -li- inatosha, isipokuwa sentensi iliyotangulia imemtawaza, ndipo useme "akatawala miaka 20". Kwenye kishazi rejeshi -ka- haiingii kabisa: ni "mgeni aliyeingia", basi. Na msimulizi akirudi nyuma kueleza yaliyokwisha kutokea, -ka- peke yake haitakurudisha; anza na "alikuwa ameshauza shamba", ndipo uendelee.

Panapoponza wengi ni vitenzi vya hali. Elle avait peur ni "alikuwa na hofu": hofu ilishakaa moyoni. Elle eut peur ni hofu inayoingia sasa hivi, mlango ulipogongwa: "akaingiwa na hofu". Ukiandika "alikuwa na hofu" mara zote mbili, umeufuta ule mlango uliogongwa, na msomaji hatajua kwa nini, tuseme, mwanamke huyo anazima taa katika sentensi inayofuata.

Ukimaliza ukurasa, usome kwa sauti. Mbele ya kila -ka- tia neno "kisha" au "ndipo". Maana ikisimama, iache. Ikiyumba, rudi kwenye Kifaransa uulize: hili lilifuata, au lilikuwepo tu?